Memo kwa meneja uzalishaji: kitambaa cha bei nafuu kinapopandisha gharama

Meneja uzalishaji akipokea ripoti inayosema idara yake imezidisha bajeti kwa 1,103,000, jambo la kwanza atakalojibu ni kwamba mwezi huo ameshona nguo nyingi kuliko alizopangiwa. Na atakuwa sahihi. Memo inayoanza na namba hiyo imeshapoteza msomaji wake kabla ya aya ya pili, hata kama ndani yake kuna tatizo la kweli. Kazi ya mhasibu wa gharama ni kuondoa kwanza sehemu ya namba isiyo kosa la mtu yeyote, kisha kueleza iliyobaki kwa lugha ya meza ya kukatia na mstari wa cherehani.

Tuchukue kiwanda kinachoshona ovaroli za kazi. Fedha nimeziacha bila jina la sarafu, maana hesabu ni ileile popote. Kiwango kilichowekwa ni mita 3 za kitambaa kwa ovaroli moja, kwa bei ya 400 kwa mita, na saa 1.5 za kazi kwa ujira wa 300 kwa saa. Bajeti ya mwezi ilipangwa kwa ovaroli 4,000. Zilizoshonwa, zikapita ukaguzi na kuingia stoo ni 4,400.

Kitambaa kiligharimu 5,435,000, wakati bajeti ya awali ilikuwa 4,800,000. Mishahara ya washonaji na wakataji ilifika 2,268,000, na bajeti ilikuwa 1,800,000. Hapo ndipo ile 1,103,000 ilipotoka. Lakini ovaroli 4,400 haziwezi kushonwa kwa kitambaa cha ovaroli 4,000. Bajeti nyumbufu inauliza swali la haki zaidi: kwa ovaroli zilizotoka kweli, gharama ingepaswa kuwa kiasi gani? Kitambaa kingekuwa mita 13,200, yaani 5,280,000. Kazi ingekuwa saa 6,600, yaani 1,980,000. Ukilinganisha na hizo, kitambaa kimezidi kwa 155,000 na kazi kwa 288,000. Jumla ni 443,000. Ile 660,000 nyingine ni gharama ya kuzalisha zaidi, na haina nafasi katika memo ya kumtaka mtu maelezo.

Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu hiyo 443,000, kuna jambo moja la kuhakikisha sakafuni, nalo husahaulika mara nyingi. Mwisho wa mwezi, je, kuna ovaroli zilizokatwa lakini hazijashonwa? Kitambaa hutoka stoo siku ya kukatwa, kwa hiyo mafungu ya vipande yaliyolala mezani yameshahesabiwa kama matumizi, ilhali ovaroli zake hazimo katika zile 4,400. Ukipuuza hilo utamtuhumu meneja kwa kupoteza kitambaa kilichopo mbele ya macho yako. Katika mfano wetu meza zilikuwa tupu mwanzo na mwisho wa mwezi, basi tunaweza kuendelea.

Tofauti ya kitambaa ina sehemu mbili, na zinavutana. Mita zilizotumika ni 14,080, sawa na 3.2 kwa ovaroli. Zimezidi kiwango kwa mita 880, na kwa bei ya kiwango hiyo ni tofauti mbaya ya matumizi ya 352,000. Upande wa pili, si mita zote zilizonunuliwa kwa 400. Mita 4,230 zilitoka kwa muuzaji wa zamani kwa bei hiyo, na mita 9,850 kwa muuzaji mpya kwa 380. Punguzo la 20 kwa kila mita linatoa tofauti nzuri ya bei ya 197,000. Ukitoa 197,000 katika 352,000 unabaki na ile 155,000.

Tunapima matumizi kwa bei ya kiwango, 400, na si kwa bei iliyolipwa, ili meneja uzalishaji asibebe wala kufaidi bei ambayo hakuipanga yeye. Bei ni ya ofisi ya ununuzi. Mita ni zake. Ndivyo mgawanyo unavyosomeka kwenye karatasi, na ripoti nyingi huishia hapo: ununuzi unapongezwa kwa 197,000, uzalishaji unadaiwa 352,000.

Mimi siishii hapo, kwa sababu namba hizo mbili zinaonyesha nani alikuwa ameshika kitambaa tofauti ilipojitokeza. Chanzo chake hazikitaji. Ili kukipata, mita 880 zinapaswa kugawanywa kwa jora. Kila jora lililotoka stoo lina namba yake kwenye hati ya kutolea, na karatasi ya mkataji huonyesha ovaroli ngapi zilitoka kwenye jora lipi. Ukizioanisha, unapata picha hii: ovaroli 1,400 zilikatwa kwenye kitambaa cha zamani kwa mita 4,230, ambazo ni mita 30 tu juu ya kiwango. Ovaroli 3,000 zilizobaki zilikatwa kwenye kitambaa kipya kwa mita 9,850, ambazo ni mita 850 juu ya kiwango. Mikono ni ileile, visu ni vilevile, mwezi ni uleule. Kilichobadilika ni kitambaa.

Hapo unachukua futi ya utepe na kwenda mezani. Kiwango cha mita 3 kiliwekwa kwa kitambaa chenye upana unaofaa wa sentimita 150. Jora jipya likipimwa, ukiacha kingo zisizoshoneka, linatoa sentimita 140. Fomu ya kuagizia ilitaja rangi, uzito na idadi ya mita. Upana haukuandikwa, na muuzaji hakudanganya mtu. Mkataji mkuu alipozipanga upya patani za ovaroli kwenye upana huo, mpangilio bora aliofikia ulidai mita 3.2. Kwa ovaroli 3,000 hizo ni mita 600 za ziada hata kama hakuna kipande kimoja kilichoharibika. Mita 250 zilizobaki katika zile 850 zinapatikana kwenye daftari la vipande vilivyokatwa upya kwa sababu ya mashimo na mistari ya nyuzi zilizokatika.

Usikisie hiyo 3.2 kwa kugawanya upana kwa kalamu. Hesabu ya eneo peke yake ingesema mita 3.21, na safari hii imekaribia, lakini patani zina maumbo yake: upungufu wa sentimita chache unaweza usiongeze kitu, au unaweza kusukuma mguu mzima wa suruali hadi safu inayofuata. Jibu la kuaminika hutoka kwenye kupanga patani kwenyewe.

Sasa rudi kwenye punguzo. Kitambaa cha zamani kwa 400 na upana wa mita 1.5 ni takriban 267 kwa mita ya mraba. Kitambaa kipya kwa 380 na upana wa mita 1.4 ni takriban 271. Bei ya mita ilishuka kwa asilimia 5, upana ukapungua kwa karibu asilimia 6.7. Kilichoonekana nafuu kilikuwa ghali zaidi kabla hata hakijakatwa, na ile tofauti nzuri ya bei ya 197,000 ilipatikana kwa kununua kitambaa kidogo zaidi. Hii ndiyo habari ambayo meneja uzalishaji anaistahili, kwa sababu bila hiyo angeitisha kikao cha kuwakemea wakataji ambao hawakukosea.

Upande wa kazi unasomwa kwa njia ileile. Saa zilizolipwa ni 7,260, wakati ovaroli 4,400 zilistahili saa 6,600. Saa 660 za ziada kwa 300 ni tofauti mbaya ya ufanisi ya 198,000. Kisha kuna 90,000 ya kiwango cha ujira, kwa sababu wastani uliolipwa kwa saa ulikuwa kama 312.40 badala ya 300. Jumla ni 288,000.

Hiyo 90,000 inaonekana kama jambo la ofisi ya rasilimali watu, na kwenye ripoti hukaa kwenye mstari wake peke yake kana kwamba mishahara ilipandishwa. Haikupandishwa. Ni nyongeza ya ovataimu: saa 600 zililipwa nusu zaidi, yaani 150 juu ya ujira wa kawaida. Na uwezo wa kiwanda kwa saa za kawaida mwezi huo ulikuwa saa 6,660. Kama ovaroli zingeshonwa kwa saa 6,600 za kiwango, ovataimu isingehitajika kabisa. Kwa hiyo tofauti ya kiwango cha ujira ni mtoto wa tofauti ya ufanisi, na kuzieleza kama matatizo mawili tofauti ni kumpotosha msomaji. (Viwanda vingine huiweka nyongeza ya ovataimu kwenye gharama za jumla za kiwanda. Ikiwa kwenu ndivyo, haitaonekana hapa, na memo itaje ilipo.)

Saa 660 zenyewe zinagawanyika vizuri ukiwa na kadi za muda zilizojazwa kwa uaminifu. Saa 180 washonaji walikaa wakisubiri, mashine ya kukatia ilipoharibika na vipande vikaisha mstarini. Hizo ni 54,000, na ni muda wa kusimama, si uzembe wa kushona. Ukizichanganya na ufanisi utaonekana kama unasema mikono yao ni mizito. Saa 250, yaani 75,000, ziliandikwa kwenye kadi za marekebisho: ovaroli zilizofumuliwa ili kubadilishwa paneli yenye kasoro ya kitambaa ambayo haikuonekana mpaka imeshashonwa. Saa 230 zilizobaki, 69,000, ziko karibu zote kwenye shifti ya pili, ambayo ilipokea washonaji wapya. Kiwango cha saa 1.5 kiliwekwa kwa mshonaji mzoefu.

Ukirudi kukusanya kwa chanzo badala ya kwa jina la tofauti, sura ya ripoti inabadilika. Kitambaa kipya kiliokoa 197,000 kwa bei. Kikagharimu 340,000 kwa mita 850 za ziada na 75,000 kwa kufumua na kushona upya. Bila hizo saa 250, ovataimu ingekuwa saa 350 badala ya 600, kwa hiyo ongeza 37,500. Hasara halisi ya uamuzi ule ni 255,500, zaidi ya nusu ya 443,000 yote, na imeanzia nje ya idara anayoiongoza meneja huyu. Kinachobaki kwake ni 187,500: kuharibika kwa mashine, washonaji wapya, mita 30 za kawaida, na ovataimu iliyobaki. Mgawo wa ovataimu si sahihi kwa kila senti, kwa kuwa unategemea wiki ipi ilibanwa na ipi ilikuwa na nafasi. Lakini unatosha kwa uamuzi.

Sasa memo yenyewe. Naiandika hivi, na sizidishi ukurasa mmoja. Majedwali huenda nyuma kama kiambatisho.

*Kwa: Meneja Uzalishaji*
*Kutoka: Mhasibu wa Gharama*
*Nakala: Meneja Ununuzi*
*Kuhusu: Tofauti za kitambaa na kazi, ovaroli 4,400*

*Ndugu Meneja,*

*Mwezi uliopita idara yako ilitoa ovaroli 4,400, nyingi kuliko 4,000 zilizopangwa. Bajeti nimeirekebisha ilingane na idadi hiyo, na kila namba iliyo hapa chini imelinganishwa na ovaroli 4,400. Kwa msingi huo kitambaa kimezidi kwa 155,000 na kazi kwa 288,000.*

*Sehemu kubwa ya tofauti hizi imetokana na kitambaa cha muuzaji mpya. Upana wake unaofaa ni sentimita 140, wakati kiwango chetu ni 150. Mkataji mkuu amethibitisha kuwa kwa upana huo ovaroli inahitaji mita 3.2. Pamoja na vipande vilivyokatwa upya kwa kasoro, mita 850 za ziada zimetoka kwenye majora hayo. Kasoro hizohizo zilichukua saa 250 za marekebisho. Baada ya kutoa punguzo la bei, uamuzi huu umetugharimu takriban 255,500. Nimemwandikia Meneja Ununuzi kuhusu jambo hili, na sitarajii maelezo yake kutoka kwako.*

*Yapo mawili ninayoomba maoni yako. La kwanza ni saa 180 za kusubiri mashine ya kukatia: je, hitilafu ilitokana na matengenezo yaliyoahirishwa, au ni ya ghafla? La pili ni saa 230 za ziada katika shifti ya pili. Naamini ni muda wa kujifunza wa washonaji wapya, lakini wewe unawafahamu. Ikiwa ni hivyo, tukubaliane ni lini wanatarajiwa kufikia saa 1.5, ili bajeti za miezi ijayo ziseme ukweli.*

*Ovataimu ya 90,000 sikuitenga kama tatizo la ujira. Imetokana na saa za ziada zilizoelezwa hapo juu.*

*Stoo bado kuna mita 2,150 za kitambaa hiki. Naomba tukutane kabla jora jingine halijatolewa.*

Angalia kwamba neno la kitaalamu ni moja tu, tofauti, na limebebwa na mita na saa. Nakala inakwenda kwa meneja ununuzi waziwazi. Kumweleza mkuu mmoja kosa la mwenzake pembeni ni njia ya haraka ya kuwafanya wote wawili wasikuamini. Na maswali kwa meneja uzalishaji ni maswali kweli: mhasibu hajui kama mashine iliharibika kwa sababu matengenezo yaliahirishwa ili kuwahi zile ovaroli 400 za ziada. Kama ndivyo, 54,000 ni bei ya uamuzi ambao huenda menejimenti yote iliukubali, na haitakuwa haki kuiandika kwa jina la mtu mmoja.

Zile mita 2,150 zinahitaji uangalifu zaidi kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu ndizo pekee ambazo bado zinaweza kuamuliwa. Kuna mtego wa hesabu hapa. Viwanda vingi hukokotoa tofauti ya bei siku ya kununua. Kwa utaratibu huo, mita 12,000 zilizonunuliwa kwa muuzaji mpya zingeonyesha faida ya 240,000 mwezi uleule, huku sehemu ya hasara yake ikisubiri kwenye rafu na kutokea mwezi ujao kama tofauti mbaya ya matumizi isiyo na maelezo. Mwezi huo meneja uzalishaji angeonekana mbaya peke yake. Ndiyo maana katika memo nimehesabu bei kwa mita zilizotumika tu, ili punguzo na madhara yake vikae kwenye ripoti moja.

Kuhusu matumizi yake, cha kufanya ni kumwomba mkataji mkuu apange patani za saizi ndogo kwenye upana wa sentimita 140. Saizi ndogo huenda zikakaa bila kuongeza urefu, na hapo kitambaa hicho kinakuwa nafuu kweli. Mifuko, kola na mikanda pia inaweza kutoka humo. Kila jora likaguliwe juu ya meza na kasoro ziwekwe alama kabla ya kukata, maana shimo linaloonekana mezani hugharimu kipande, na lile linaloonekana baada ya kushona hugharimu kipande na saa za fundi. Kurudisha majora kwa muuzaji kwa sababu ya upana ni vigumu, kwa kuwa upana haukuagizwa. Kwa sababu ya kasoro inawezekana, mradi mabaki yenye mashimo yamehifadhiwa pamoja na namba za majora.

Jambo moja nisilolikubali ni kubadilisha kiwango kimyakimya kutoka mita 3 kwenda 3.2 ili ripoti ijayo ionekane safi. Kiwango kikishapanda kwa sababu ya kitambaa finyu, hubaki juu hata kitambaa kipana kinaporudi, na meneja anapewa nafasi ya kupoteza sentimita 20 kwa kila ovaroli bila mtu kuuliza. Kiwango kibaki 3. Kwa ovaroli zitakazokatwa kwenye hizo mita 2,150, ripoti ya mwezi ujao iwe na mstari wa muda: mita 0.2 kwa kila ovaroli, kwa 400, zinaandikwa kwenye uamuzi wa ununuzi, na uzalishaji unapimwa dhidi ya 3.2. Majora yakiisha, mstari unafutwa.